Programu imebaki nyeupe au nyeusi baada ya kusasishwa: pa kuanzia, na pa kuachia

Malalamiko haya hunifikia mezani karibu kila wiki, na huanza kwa maneno yaleyale: "Fundi, jana ilikuwa inafanya kazi, usiku ikajisasisha, leo naifungua ni nyeupe tu." Wengine ni nyeusi. Wengi wao wamekwisha kuambiwa na mtu njiani kwamba simu iflashiwe, na wachache wamekwisha kuifuta programu yenyewe, wakapoteza vitu ambavyo kosa halikuvigusa hata kidogo. Ndiyo maana nimepanga hatua kuanzia zile zisizofuta kitu chochote. Menyu nimeziandika zinavyosomeka kwenye simu ya Android iliyo kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo simu nyingi ninazoletewa zilivyo. Majina hutofautiana kidogo kati ya Samsung, Tecno na nyinginezo.

Kabla ya yote: ni programu au ni simu?

Programu ikiwa imeganda na weupe au weusi wake, vuta pazia la arifa kutoka juu ya kioo. Likishuka, ukaona saa, chaji na ujumbe wako, basi simu ni nzima na tatizo ni la programu. Lisiposhuka, na kitufe cha kurudi mwanzo nacho hakijibu, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya simu nzima kuwa nyeusi, huko chini.

Dalili: programu moja ni nyeupe, nyingine zote ziko sawa

Sababu ya kwanza haihitaji fundi: haijamaliza kazi. Toleo jipya likifunguliwa mara ya kwanza, mara nyingi hupanga upya kumbukumbu zake za zamani ziendane na mpangilio mpya. Kwenye simu yenye uwezo mdogo na mazungumzo ya miaka mitano, kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa. Chomeka chaja, iache wazi kwa dakika tano. Simu ikikuuliza uchague Close app au Wait, bonyeza Wait. Kuifunga na kuifungua kila baada ya sekunde kumi ni kuirudisha mwanzo kila mara.

Dakika tano zikipita, bonyeza alama ya programu kwa muda mrefu, ingia App info, bonyeza Force stop, kisha izime simu kabisa na kuiwasha. Hapo hakuna kinachofutika.

Sababu ya pili ni mtandao, na hapa kuna jaribio dogo ninalolipenda. Washa Airplane mode, hakikisha na waifai imezimwa, kisha fungua programu. Ikikuandikia kwamba hakuna mtandao, maana yake programu yenyewe iko hai na inaweza kuchora kioo. Weupe unaouona mtandao ukiwepo ni wa kitu inachokisubiri kutoka nje na hakifiki, au kimefika na imeshindwa kukionyesha. Ikibaki nyeupe vilevile hata bila mtandao, hujapata uhakika wowote, ila sasa una sababu zaidi ya kushuku kilichomo ndani ya simu.

Kama jaribio limeelekeza kwenye mtandao, angalia bando kwanza (usicheke, nimeshalipwa kwa kazi ya kugundua bando limeisha). Kisha zima VPN kama unayo. Kisha, kama simu ni ya Android 9 au mpya zaidi, ingia Settings, Network & internet, Private DNS. Kama wewe au kijana wako mliwahi kuweka hapo anwani ya kuzuia matangazo, irudishe kwenye Automatic. Vizuizi hivyo hufunga mlango kwa seva fulani, na toleo jipya la programu linaweza kuwa linaisubiri seva hiyohiyo kabla ya kuchora chochote. Mwisho angalia tarehe. Simu iliyoisha chaji kabisa na kurudi na tarehe ya miaka iliyopita hukataa vyeti vya usalama vya seva. Utaijua kwa kufungua tovuti yoyote kwenye Chrome: ikikuandikia `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`, rekebisha saa, weka tarehe ijipange yenyewe.

Sababu ya tatu ni kache iliyobaki na mabaki ya toleo la zamani. Rudi App info, ingia Storage & cache, bonyeza Clear cache. Hii ni salama, kwa kuwa kache ni vitu ambavyo programu inaweza kuvipakua tena. Kitufe kilicho jirani yake, Clear storage au Clear data, si ndugu yake hata kidogo. Hicho kinaifanya programu iwe kama imewekwa leo: umetolewa kwenye akaunti, na kila kilichokuwa ndani ya simu tu kimeondoka. Usikiguse bado.

Ukiwa hapohapo, tazama nafasi iliyobaki kwenye simu nzima. Programu isiyopata pa kuandika huganda ikiwa nyeupe bila kusema neno. Mimi hupenda kuona angalau GB 1 iko wazi kabla sijaendelea na lolote.

Sababu ya nne ndiyo inayowasumbua watu na mafundi wengi, na ndiyo nitakaa nayo zaidi.

Kioo ndani ya kioo: WebView

Programu nyingi, hasa za vikundi vya akiba, maduka, shule na baadhi ya benki, kwa ndani ni ukurasa wa tovuti uliovishwa ganda la programu. Ganda lenyewe halijui kuchora ukurasa. Linamwomba mchoraji aliyemo ndani ya simu, anayeitwa Android System WebView. Mchoraji huyo husasishwa peke yake kupitia Play Store, mbali na programu na mbali na Android yenyewe. Kwa hiyo programu inaweza kuwa mpya ya jana huku mchoraji wake akiwa wa miaka minane iliyopita, na hapo ndipo weupe unapozaliwa.

Nitoe mfano wa kazi niliyoifanya. Mama mmoja muuza vitenge alikuja na simu ya Android 8.1 yenye nafasi ya GB 16. Programu ya kikundi chao cha akiba ilijisasisha, na tangu hapo ilikuwa nyeupe. "Mwanangu, kesho ndiyo siku ya marejesho," akaniambia, "na yule fundi wa stendi anataka kuiflashi."

"Shikamoo mama. Isiflashiwe kwanza. Tuiangalie."

Tulisubiri dakika tano, weupe. Tukaweka Airplane mode, programu ikaandika kwamba hakuna mtandao. Kwa hiyo ganda lilikuwa zima. Tukarudisha mtandao, weupe tena, ilhali Chrome ya simu yangu kwa laini yake ilifungua tovuti zote bila shida. Tukafuta kache, hakuna mabadiliko. Hapo nikataka kuijaribu tovuti kwenye Chrome ya simu yake, nikaikosa. Mpwa wake alikuwa ameizima miezi mingi iliyopita ili kupata nafasi.

Hilo lilikuwa jibu lote. Kwenye Android 7, 8 na 9, anayechora kurasa ndani ya programu nyingine ni Chrome yenyewe. Ukiizima Chrome, simu haikulalamikii. Inamrudisha kazini mchoraji wa akiba, Android System WebView aliyekuja na simu kutoka kiwandani. Nilifungua Settings, System, About phone, nikagonga Build number mara saba ili Developer options zitokee, na humo kwenye WebView implementation nikasoma toleo linaloanza na 61. Hilo ni la mwaka 2017.

Kwa nini uzee huo ulete weupe badala ya ukurasa uliopinda kidogo tu? Kwa sababu ya namna kurasa zinavyosomwa. Waandishi wa programu siku hizi huandika vitu kama hiki:

```
mteja?.salio
```

Alama `?.` inasema "kama mteja yupo, nipe salio lake". Chrome ilianza kuielewa katika toleo la 80, mwanzoni mwa mwaka 2020. Mchoraji wa toleo la 61 akikutana nayo haruki mstari huo na kuendelea. Anaona ni kosa la sarufi na kulikataa faili lote. Ukurasa ambao kila kitu chake hujengwa na faili hilo hubaki karatasi tupu. Toleo la zamani la programu halikuwa na alama hiyo, jipya lilikuwa nayo. Mwandishi wake huenda hakujaribu kwenye simu ya aina hiyo.

Matibabu yalichukua dakika arobaini, nyingi zikiwa za kupakua. Tulifuta video za WhatsApp alizokwisha kuzitazama ili nafasi ipatikane. Tukaingia Settings, Apps, Chrome, tukabonyeza Enable. Kisha Play Store, tukaisasisha. Tukaizima simu na kuiwasha. Programu ikafunguka na jina lake juu, na mama akaanza kunisomea nani bado hajarejesha, jambo ambalo sikupaswa kulijua.

Ukitaka kufanya hivyo mwenyewe, kumbuka tofauti hii. Kwenye Android 7 hadi 9, sasisha Chrome na uhakikishe haijazimwa. Ukikuta Android System WebView ndiyo imeandikwa Disabled, iache, kwa simu hizo ni kawaida. Kuanzia Android 10, Chrome na WebView zimetenganishwa, kwa hiyo tafuta Android System WebView kwenye Play Store uisasishe, na Chrome nayo pia.

Dawa hii ina kikomo. Chrome toleo la 138 ndilo la mwisho kwa Android 8 na 9, na kwa Android 7 ni la 119. Simu ya mama yule imefika kileleni. Siku waandishi wa ile programu watakapotumia kitu kipya kuliko 138, weupe utarudi na hakutakuwa na cha kusasisha. Njia yake ya kando siku hiyo ni kuuliza kama kikundi kina huduma ya menyu ya namba au ya wakala, au kutumia simu nyingine.

Dalili: programu kadhaa zimeharibika kwa siku moja

Zikianza kuwa nyeupe au kujifunga zenyewe programu tatu nne zisizohusiana, usishughulike na mojamoja. Mshukiwa ni mchoraji yuleyule wanayemtumia wote. Mwezi Machi 2021 ilitokea dunia nzima: sasisho bovu la WebView lilifanya programu nyingi za Android, Gmail ikiwemo, zijifunge kila zikifunguliwa. Google ilitoa toleo la 89.0.4389.105 la WebView na Chrome, na waliosasisha hizo mbili wakapona. Wakati huo watu walikuwa wanafuta programu zao moja baada ya nyingine, wanaziweka upya, na zinajifunga vilevile.

Kwa hiyo anza na Play Store: sasisha WebView na Chrome, zima na uwashe. Kama hakuna sasisho jipya na una uhakika shida ilianza na la jana, ingia App info ya Android System WebView, gusa nukta tatu za juu, chagua Uninstall updates. Mchoraji anarudi kwenye toleo la kiwandani. Ni la muda tu hilo, kwa sababu toleo la kiwandani lina matundu ya usalama yaliyokwisha kuzibwa baadaye. Sasisho jipya likitoka, lichukue.

Dalili: programu ni nyeusi, simu ni nzima

Gusa mahali ambapo kwa kawaida huwa pa kuandikia namba au jina. Kibodi ikichomoza, ukurasa upo, ila maandishi meusi yamelala juu ya weusi. Sababu inayoongoza ni hali ya giza. Toleo jipya limekuja na rangi zake, simu nayo inalazimisha za kwake. Zima Dark theme, fanya Force stop, fungua tena. Kwenye Xiaomi kuna orodha ya programu moja moja ndani ya mipangilio ya Dark mode, unaweza kuitoa hiyo moja tu. Na kama kuna mtu aliyewahi kuchezea Developer options, humo kuna swichi inayolazimisha giza kwa kila programu, jina lake huwa na neno force-dark. Izime.

Kibodi isipochomoza, shuku programu zinazotandika kitu juu ya kioo: vichujio vya mwanga wa usiku, vitufe vinavyoelea, virekodi vya skrini. Ingia Settings, Apps, Special app access, Display over other apps, uzime kwa muda zote usizozihitaji, kisha ujaribu tena. Safe mode, ambayo watu hupenda kuipendekeza, haitakusaidia hapa kama programu yenyewe uliipakua, maana huko programu zote za kupakua huwa zimezimwa, na yako ikiwemo.

Kuna weusi mmoja ambao si ugonjwa. Picha ya skrini ya programu ya benki mara nyingi hutoka nyeusi tupu, na ukishirikisha kioo chako kwa mtu mwingine yeye huona weusi. Programu imekataa kupigwa picha makusudi. Ukitaka kumwonyesha mtu wa huduma kwa wateja unachokiona, piga picha kwa simu nyingine. Na anayekupigia akitaka uweke programu ya kushirikisha kioo ili "akutengenezee", kata simu.

Kabla hujabonyeza Clear data au kuifuta programu

Hatua hizi mbili hutibu mengi, sibishi, ila jiulize kwanza kilichomo kiko wapi. Barua pepe na mitandao ya kijamii viko kwenye seva, utaingia upya tu, ilimradi unaikumbuka nywila yako. Fedha za benki haziko kwenye simu, lakini usajili wa programu uko, na benki inaweza kudai laini ileile iwe ndani ya simu hiyo. Vinavyopotea kweli ni daftari za madeni zisizo na akaunti, programu za misimbo ya kuingilia, na WhatsApp isiyo na nakala. Kama WhatsApp yenyewe ndiyo nyeupe, fungua programu ya Google Drive, menyu, Backups, usome nakala ya mwisho ni ya lini. Ikiwa ni ya miezi sita iliyopita, au haipo, usiifute. Subiri sasisho.

Usitafute toleo la zamani kwenye magrupu ya Telegram wala kutumiwa faili la APK na rafiki. Kwa kawaida Android haikubali toleo la chini likae juu ya la juu bila kufuta kwanza, kwa hiyo data utaipoteza tu, na kwa programu ya fedha unamkabidhi mtu usiyemjua mlango wa mbele.

Wenye iPhone

Huku mchoraji wa kurasa huja pamoja na iOS, kwa hiyo kusasisha iOS ndiko kumsasisha yeye. Badala ya kufuta programu, ingia Settings, General, iPhone Storage, chagua programu, bonyeza Offload App, kisha iweke upya. Njia hiyo huondoa programu na kuacha nyaraka na data zake. Delete App iliyo chini yake huondoa vyote.

Dalili: simu nzima ni nyeusi, haijibu

Shikilia kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti, sekunde kumi hadi ishirini, mpaka itetemeke au nembo itokee. Kwa iPhone 8 na za baadaye, bonyeza na kuachia cha kuongeza sauti, kisha cha kupunguza, halafu shikilia cha pembeni mpaka nembo ije. Isipokuja, ichomeke chaja nusu saa, urudie.

Ikipigiwa na kuita huku kioo ni cheusi, hilo ni la kioo au waya wake, mpelekee fundi. Ikiishia kwenye nembo na kuanza upya bila kikomo, mpelekee fundi pia, na mwambie kabla hajagusa kitu kwamba unataka data. Mfuniko wa nyuma ukiwa umevimba, usichaji tena na usiubonyeze kuurudisha.

Ukishafanya yote na bado ni nyeupe

Basi huenda kosa ni la toleo lenyewe. Watoaji wanaweza kuzitoa programu kwa mafungu kupitia Play Store, ndiyo maana jirani yako mwenye simu kama yako anaweza kuwa salama. Wakigundua kosa husimamisha usambazaji, ila aliyekwisha kulipokea harudishwi nyuma, anasubiri toleo linalofuata. Waandikie huduma kwa wateja kupitia namba iliyo kwenye kadi au ofisini kwao, si iliyotolewa na mtu kwenye maoni. Usiwape namba ya siri wala msimbo uliotumiwa. Ukiandika "app haifungui" watakujibu uzime na uwashe. Andika hivi, ukibadilisha ya kwako: "Tecno, Android 8.1. Programu toleo hili, ilisasishwa jana usiku. Bila mtandao inaandika hakuna mtandao, ikiwa na mtandao ni nyeupe. Nimefuta kache. Chrome ni 138, haijazimwa. VPN imezimwa. Nafasi iliyobaki ni GB 2." Ujumbe huo unaweza kuruka dawati la kwanza ukamfikia mtu anayeweza kulirekebisha.